Dalali Akifungua Geti, Aseme Nini?

“Nyumba nzuri hii, dada. Maji masaa ishirini na nne, luku unajitegemea, stendi hapo tu.”

Maneno hayo niliyasema kwa miaka minne nilipokuwa dalali wa nyumba Kimara, Dar es Salaam, hadi yakawa yanatoka yenyewe kama mtu anavyoitikia hodi. Sikudhamiria kumdanganya mtu. Maji yalikuwepo, kwa maana kwamba bomba lilikuwepo na siku niliyolifungua yalitoka. Stendi nayo ilikuwa hapo tu, kwa miguu yangu mimi niliyezoea vilima vile.

Jumapili moja asubuhi akanipigia dada mmoja niliyempatia nyumba wiki tatu nyuma, ghorofa ya pili, watoto watatu. Hakunisalimu. “Kaka, njoo uniogeshee watoto.” Nilipofika nilikuta ndoo zimepangwa mlangoni, zote tupu. Tanki lilikauka tangu Ijumaa jioni, na zamu ya mgao ilikuwa Jumanne. Nikamwita kijana wa mkokoteni, nikanunua madumu kumi kwa hela yangu, nikayapandisha mwenyewe. Kwenye zile ngazi, dumu la lita 20 kila mkono, ndipo nilipoanza kutunga maneno mengine.

Maneno hayo nimeyaweka hapa kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni dalali anayetaka mteja wake asimpigie Jumapili. Wa pili ni mpangaji, maana akishajua dalali mzuri husema nini, atamtambua mara moja yule anayeruka mahali. Kanuni yake ni moja tu: kila neno la sifa libadilishwe kuwa namba, siku au kitu cha kugusa. “Maji yapo” si taarifa. “Maji hutoka Jumanne na Ijumaa usiku” ni taarifa.

Tuchukue nyumba moja ya mfano na tuizunguke nayo. Ni jengo lenye ngazi tatu, yaani chini, ghorofa ya kwanza na ya pili, nyumba mbili kila ngazi, jumla sita. Liko upande wa Baruti, juu kidogo ya Barabara ya Morogoro. Inayopangishwa iko juu kabisa: vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko na choo cha wote. Kodi ni shilingi 350,000 kwa mwezi.

Hela zisemwe kwenye simu

Madalali wengi huacha hesabu hadi mwisho, mteja akiwa ameshaipenda nyumba na ameshaanza kupanga kochi litakaa wapi. Hapo hela huanza kuchomoza moja moja: kwanza kodi, halafu miezi inayotakiwa, halafu amana, halafu udalali, na mteja akiwa mlangoni anatajiwa ya mlinzi. Kila inapochomoza nyingine, imani inapungua. Ndiyo maana maneno yangu huanza kabla ya nauli kutumika, kwenye simu:

“Dada, kodi ni laki tatu na nusu kwa mwezi. Mwenye nyumba anapokea miezi sita, hiyo ni milioni mbili na laki moja. Anataka na amana ya mwezi mmoja, laki tatu na nusu. Udalali wangu ni mwezi mmoja, laki tatu na nusu. Kwa hiyo siku ya kuchukua ufunguo uwe na milioni mbili na laki nane. Baada ya hapo, kila mwezi kuna elfu ishirini ya mlinzi, taka na umeme wa pampu. Maji unalipia uniti zako. Kuja kuiona ni elfu kumi, na ukiichukua nakukatia kwenye udalali.”

Mteja aliyesikia “laki tatu na nusu” alikuwa anafikiria laki tatu na nusu. Sasa amesikia mara nane yake, na afadhali anyamaze kwenye simu kuliko kunyamaza sebuleni. Wengine watakata. Wengine watasema, “Mimi nina milioni mbili tu.” Huyu hajapotea. Dalali anaweza kumpigia mwenye nyumba kabla ya safari na kumwomba apokee miezi mitatu: 1,050,000 ya kodi, 350,000 ya amana na 350,000 ya udalali, jumla 1,750,000. Mwenye nyumba akikubali, kuna biashara. Akikataa, hakuna aliyepanda kilima bure.

Hiyo elfu kumi ya kuonyeshwa nayo inataka maneno ya wazi. Dalali anayeishi kwa hela ya kuonyesha hana haraka ya kukupatia nyumba, kwa kuwa kila nyumba usiyoipenda ni elfu kumi nyingine. Utamjua kwa jinsi anavyokupeleka kwenye nyumba ambazo hazifanani hata kidogo na ulichoomba. Akisema mapema kwamba hela hiyo itakatwa kwenye udalali, amejifunga mwenyewe kutafuta inayokufaa.

Tena mara nyingi madalali huwa wawili, mwenye mteja na mwenye ufunguo. Sentensi moja inatosha: “Nyumba hii tuko wawili, lakini udalali ni ule ule mmoja, tutagawana wenyewe.” Isiposemwa, siku ya malipo atatokea kijana usiyemjua akidai chake.

Kutoka kituoni, kwa miguu

Dalali mwenye haraka humpokea mteja kituoni kwa bodaboda, dakika tatu wako getini, na mteja anaondoka akiamini kwamba nyumba iko barabarani. Mimi nilianza kuwaambia wateja tukutane kituo cha mwendokasi cha Baruti, tutembee. Mwanzoni walinishangaa.

“Bonyeza saa kwenye simu yako hapa. Tukifika getini utaisimamisha mwenyewe.”

Kwenye nyumba yetu ya mfano saa inasimama kwenye dakika 14, kwa mwendo wa kawaida, dakika tano za mwisho zikiwa mlima. Wakati wa kutembea ndio wa kusema mengine, kwa sababu mteja anayaona. “Hapa mvua ikinyesha panateleza, bodaboda wengine hawapandi. Wanaopanda huongeza bei. Usiku taa ya barabarani ya mwisho ni ile pale dukani.” Ukisema hivyo hujaichongea nyumba. Masika yatamwambia yale yale, ila yeye atakuwa ameshalipa.

Halafu hesabu. Bodaboda kutoka kituoni hadi getini, tuseme ni buku. Kwenda na kurudi elfu mbili, siku 26 za kazi, zinakuwa 52,000 kwa mwezi. Kwa mtu asiyeweza kupanda kilima kila siku, nyumba hii si ya 350,000, ni ya 402,000, na bado hajalipa nauli ya basi. Ikiwa karibu na barabara kuna nyumba ya 400,000, basi zimelingana bei. Dalali mwenye nyumba zote mbili mkononi aseme hivyo. Huenda akapata udalali mkubwa zaidi kwa kusema kweli.

Jambo la mwisho kuhusu usafiri halionekani Jumamosi mchana, siku ambayo wengi huenda kuangalia nyumba. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza njia hii mwaka 2016, huanzia Kimara Mwisho, yanapita Korogwe na Bucha, ndipo yanafika Baruti. Asubuhi ya siku ya kazi basi linaweza kufika Baruti likiwa limejaa hadi mlangoni. Wakazi wanalijua hilo, ndiyo maana utaona mtu anayekwenda Kivukoni anapanda kwanza kurudi nyuma hadi Kimara Mwisho ili apate kiti. Kwa hiyo ukisema “kituo kipo dakika kumi na nne”, umesema nusu. Nusu iliyobaki ni hii: “Saa kumi na mbili na nusu asubuhi huenda ukaacha mabasi mawili matatu. Njoo Jumatatu ujionee kabla hujalipa.” Mteja anayeanza kazi saa tatu hatajali. Mwalimu anayetakiwa darasani saa moja na nusu atajali sana.

Tusimame kwenye tanki kwanza

Getini mteja hutaka kwenda moja kwa moja kuona vyumba. Mzuie kidogo. Rangi na vigae ataviona tu. Maji ya jengo hayaonekani mpaka uyatafute, na safari yake huanzia chini.

Maji ya Kimara huja kwa bomba la DAWASA kutoka mtambo wa Ruvu Juu. Mto ukipungua, mgao huongezeka. Oktoba 2022 Dar es Salaam nzima ilionja hilo, maji ya Ruvu yaliposhuka na mamlaka kutangaza ratiba ya zamu. Lakini hata mwaka wa mvua nzuri, nyumba iliyo juu ya kilima hupata msukumo mdogo kuliko iliyo bondeni, na maji mengi huja usiku watu wengine wakiwa wamefunga mabomba yao. Hivyo swali la maana jengoni si kama kuna bomba la DAWASA. Swali ni hili: maji yakija yanahifadhiwa kiasi gani, na yanatosha siku ngapi hadi zamu nyingine?

Hapa dalali anasema akiwa amegusa tanki:

“Dada, maji ya DAWASA huingia Jumanne na Ijumaa usiku. Yanajaza matanki haya mawili ya lita elfu tano tano. Nyumba ziko sita. Pampu inapandisha kwenye tanki dogo la juu, halafu yanashuka kwa mabomba. Sasa tupige hesabu.”

Ukikadiria watu wanne kila nyumba, jengo lina watu 24. Mtu mmoja anayeoga, anayepika, anayefua na kumwaga maji chooni akitumia ndoo nne za lita 20 kwa siku, hiyo ni lita 80. Mara watu 24 ni lita 1,920. Matanki mawili ni lita 10,000, kwa hiyo yanatosha siku tano na kidogo. Kutoka Ijumaa hadi Jumanne ni siku nne. Hesabu inakubali.

Sasa ukose zamu moja. Maji yameingia Jumanne usiku, Ijumaa hayakuja. Wapangaji wanaanza kuyatumia Jumatano, na Jumatatu asubuhi bomba linakohoa. Basi dalali aendelee: “Zamu ikikatika, siku ya mwisho mtaagiza boza la lita elfu kumi na kugawana bei nyumba sita. Bei ya wiki hii uliza kwa mpangaji wa chini, yeye ndiye anayepiga simu.” Na kama jengo lina tanki moja tu la lita 5,000, hesabu ile ile inatoa siku mbili na nusu. Hilo ndilo jengo nililompeleka yule dada wa Jumapili. Tanki lilikuwa pale getini, tumelipita tukienda kuangalia vigae vya jikoni.

Ratiba ya mgao dalali asiitaje kwa kukisia. Amuulize mpangaji wa jengo, si mwenye nyumba, na aulize kwa namna isiyojibika kwa “ndiyo”: “Mara ya mwisho maji kuingia ilikuwa siku gani?” Mtu anayekaa humo atajibu papo hapo, maana ndiye anayeamka usiku kusikiliza.

Kuna mambo matatu ya kupima kwa mikono. La kwanza ni msukumo. Panda na ndoo ya lita 20 hadi jikoni kwenye nyumba inayopangishwa, fungua bomba lote, tazama saa. Ndoo ikijaa kwa dakika mbili, yaani lita kumi kwa dakika, maisha yataendelea vizuri. Ikichukua dakika tano, bomba la mvua bafuni litakuwa linachuruzika, na ile hita ndogo ya kuchemsha maji papo hapo huenda isiwake kabisa, kwa kuwa nyingi hungoja msukumo fulani ndipo ziwake. Pima pampu ikiwa imezimwa. Ikiwa maji yanatoka vizuri pampu ikiwaka tu, siku ya kukatika umeme ni siku ya kukosa maji pia.

La pili ni chumvi. Majengo mengi ya Dar es Salaam yana kisima kirefu cha kusaidia bomba, na visima vingi vya mji huu vina chumvi. Usitegemee ulimi peke yake. Nawa mikono kwa kipande cha sabuni: povu likikataa kutoka, maji ni magumu. Tazama shina la bomba la bafuni na kitako cha birika alilotumia mpangaji aliyetoka. Utando mweupe mgumu kama chokaa unasimulia miaka mingi. Maji hayo yanafaa kudeki na kumwaga chooni, lakini ya kunywa na kupikia utanunua, na hiyo ni hela nyingine ya mwezi.

La tatu ni mita. Katika nyumba yetu kila mpangaji ana mita yake ndogo, na mwenye nyumba hugawa bili ya DAWASA kwa uniti. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50. Familia ya watu wanne kwa hesabu yetu ya lita 320 kwa siku itatumia karibu uniti kumi kwa mwezi. Dalali aseme bei ya uniti anayotoza mwenye nyumba na aonyeshe bili ya mwisho ya DAWASA. Zikitofautiana, kunaweza kuwa na sababu, kama vile umeme wa pampu, ila mpangaji aisikie sababu hiyo sasa. Mahali pasipo na mita ndogo, bili hugawanywa kwa nyumba au kwa vichwa, na hapo ndipo ugomvi wa majengo huzaliwa: mwenye watu wawili analipa sawa na mwenye watu saba na mashine ya kufulia.

Ndani: amana huanza siku ya kwanza

Sasa tuingie. Macho ya mteja yako kwenye dari na kabati. Macho ya dalali yawe kwenye kile ambacho siku ya kuhama kitageuka mabishano, kwa sababu amana hailiwi siku ya kuhama. Huliwa siku ya kuingia, pale ambapo hakuna aliyeandika kitu.

Amana, ambayo wapangaji wengi huiita dipoziti, si mazoea ya zamani sana kwenye nyumba za kawaida za Dar. Mwenye nyumba aliyeshika kodi ya miezi sita au mwaka hakuona haja yake. Nairobi ni tofauti: kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, na dipoziti ya mwezi mmoja ni jambo la kawaida siku ya kuingia. Apatimenti za Dar zimechukua dipoziti bila kuacha miezi sita, na mpangaji anabeba vyote viwili. Kwa kuwa mazoea bado machanga, wengi hawajui hela hiyo ni ya nini. Mpangaji anadhani ni kodi ya mwezi wa mwisho. Mwenye nyumba anadhani ni hela ya kupaka rangi. Dalali aseme kabla ya mtu yeyote kudhani:

“Hii laki tatu na nusu ni yako, mwenye nyumba ameishika tu. Atakata vitu viwili: ulichokivunja na bili uliyoiacha. Rangi iliyofifia na kitasa kilicholegea kwa kutumika, hakati. Nawe usiihesabu kuwa kodi ya mwezi wa mwisho. Ukihama, mnakagua pamoja, na ndani ya siku kumi na nne anakurudishia kilichobaki.”

Hayo yote yaandikwe kwenye mkataba, pamoja na hizo siku 14. Kama mwenye nyumba hakubali kuandika siku, dalali amwambie mteja hivyo kwa maneno hayo hayo.

Baada ya hapo ni kuzunguka chumba kwa chumba, simu mkononi. Piga picha kila dirisha, kila kioo, kila sinki, kila swichi, na chini ya sinki ambako maji huvuja kimya kimya. Mwaga maji chooni mara mbili, uone tanki la choo linajaa kwa muda gani. Washa kila taa. Hesabu funguo. Andika namba ya mita ya maji ilivyo leo, na uniti zilizobaki kwenye luku. Picha zitumwe saa hiyo hiyo kwa mwenye nyumba na mpangaji wote wawili, ili tarehe ijiandike yenyewe kwenye simu zao.

Faida yake itaonekana siku ya kuhama. Tuseme mpangaji wetu amekaa miezi 18. Kwenye ukaguzi kuna kioo kimoja cha dirisha kilichopasuka, ambacho kwenye picha ya siku ya kwanza kilikuwa kizima. Fundi anakibadilisha kwa 25,000. Mita ya maji inaonyesha uniti 14 ambazo hazijalipwa, kwa bei ya mkataba ya 2,000 ni 28,000. Mwenye nyumba anataka pia 80,000 ya kupaka sebule. Picha ya siku ya kwanza inaonyesha ukuta ule ule, umefifia tu, hauna tundu wala michoro ya watoto. Rangi inaondoka kwenye hesabu. 350,000 kutoa 53,000 ni 297,000, na mpangaji anazipata. Bila picha, kioo kingekuwa “tulikikuta hivyo”, rangi ingekuwa “uliichafua wewe”, na amana yote ingeishia kwenye maneno.

Luku nayo inataka sentensi yake. “Unajitegemea” maana yake mita ni ya nyumba yako peke yako. Hakikisha hivyo kwa kuzima swichi kuu: taa za korido na pampu zikizimika nazo, basi unawalipia jirani. Na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini kidole kinachonunua umeme ni cha mpangaji. Miezi ambayo nyumba ilikaa tupu bila kununuliwa umeme, makato hujilimbikiza na kumsubiri anayeingia. Kwa hiyo mpangaji mpya ananunua umeme wa kwanza, anapata uniti chache kuliko alivyotegemea, anadhani mita mbovu. Maneno ya dalali: “Umeme wa kwanza tuununue pamoja kabla hujahamia. Makato ya jengo yatakayotokea kwenye ujumbe, mwenye nyumba anayarudisha au anayapunguza kwenye kodi.” Elfu tano ya umeme inatosha kufichua yote.

Hela iende kwa nani

Hapa dalali asimame mbali na hela ya watu. Kodi na amana ziende kwa mwenye nyumba, kwenye akaunti au namba ya simu yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Udalali peke yake ndio unaoingia kwa dalali, tena baada ya ufunguo kukabidhiwa.

Sababu yake wanaijua wote waliowahi kulizwa. Tapeli hupata ufunguo wa nyumba, wakati mwingine kwa kuipanga yeye mwenyewe mwezi mmoja, halafu anaionyesha kwa watu watano kama mali yake, anapokea miezi sita kwa kila mmoja, anazima simu. Siku ya kuhamia, magari matano ya mizigo yanakutana getini. Dalili zake hazijifichi sana: bei iko chini kuliko majirani, ana haraka, anataka “ushikilie” nyumba kwa hela kidogo leo hii, na hataki mpite ofisi ya serikali ya mtaa. Ndiyo maana sentensi ya dalali mwema ni hii: “Mkataba tutauandika ofisi ya mtaa, mbele ya mwenyekiti au mtendaji, na mjumbe wa hapa anamjua mwenye nyumba.” Kutembea hadi ofisi ya mtaa ni dakika chache. Tapeli atapata udhuru kila siku.

Karatasi moja

Nilipomaliza kuyatunga, maneno yote haya yalienea kwenye karatasi moja, upande mmoja. Juu niliandika hela: kodi, miezi, amana, udalali, ya kila mwezi, jumla ya siku ya ufunguo. Kati niliandika dakika za kutembea alizozipima mteja mwenyewe, na bei ya bodaboda. Chini yake siku za maji kuingia, lita za matanki, idadi ya nyumba, dakika za kujaza ndoo, bei ya uniti. Mwisho kabisa, namba ya mita ya maji na ya luku siku ile. Nafasi ambazo sikuwa na jibu niliziacha wazi, na mteja aliziona ziko wazi.

Mwanzoni nilipoteza wateja. Wengine walisikia “milioni mbili na laki nane” wakakata simu, wengine walipanda kilima wakashuka bila kuaga. Lakini safari zangu zilipungua pia, maana aliyekuja alikuwa ameshajua hesabu. Na wapangaji waliohamia wakiwa na karatasi ile walikuwa wakiibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, kwa sababu ya zile siku za maji.

Yule dada wa ghorofa ya pili alimaliza miezi yake sita, hakuongeza. Siku ya kuhama alinipigia tena, safari hii akanisalimu kwanza. Alikuwa anatafuta vyumba viwili, popote kati ya Kibo na Korogwe. Kabla sijataja bei akaniuliza, “Tanki la lita ngapi, na nyumba ziko ngapi?”